Jukwaa la uwekezaji limenipangia asilimia 90 ya hisa: nilifuate, au nimlipe mshauri wa kibinadamu?

Neema_Columbus

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni muuguzi, naishi Columbus, Ohio, nina miaka 38 na kadi ya ukaazi wa kudumu. Nina dola 48,000 katika mojawapo ya yale majukwaa ambayo unajibu maswali kwenye simu, kisha mfumo wenyewe unakupangia mgawanyo wa hisa na hatifungani, unanunua, unauza na kusawazisha bila mtu kugusa kitu. Maswali hayakuwa mengi: umri, kipato cha mwaka, lengo la fedha, mwaka ninaotarajia kustaafu, idadi ya wategemezi, na lile la kwamba soko likishuka sana nitauza, nitasubiri au nitaongeza. Nilijibu kwamba nitasubiri, kwa sababu ndivyo nilivyo. Mfumo ukanipa asilimia 90 ya hisa na asilimia 10 ya hatifungani.

Mume wangu ni dereva wa lori na ana akaunti yake ya kustaafu ya IRA katika kampuni nyingine. Nyumbani tuna boma Kibaha lililofika kwenye lenta, na tunataka kupaua na kumalizia ndani ya mwaka mmoja na nusu; fundi amekadiria kiasi kinachokaribia dola 22,000. Mama yuko Moshi na afya yake si nzuri. Mdogo wangu naye yuko huko huko, anaongoza watalii kupanda Mlima Kilimanjaro, na biashara ikilala ananitegemea mimi.

Mwenzangu kazini ananiambia nitafute mshauri wa kibinadamu, mwingine anasema huo ni upotevu wa fedha. Naomba maoni ya wanaoyafahamu mambo haya kwa vitendo.

Baraka_Mtaji

Dada Neema, suala hili ni la hesabu tu. Majukwaa makubwa hutoza karibu asilimia 0.25 kwa mwaka, na kwa dola 48,000 hiyo ni dola 120. Mshauri wa kibinadamu anayetoza kwa kiwango cha fedha zako kwa kawaida huchukua karibu asilimia 1, yaani dola 480, tena wengi hawampokei mteja mwenye kiasi kama chako. Vyote viwili vitakununulia mifuko ile ile inayofuata faharasa za soko, yaani vipimo vya bei za hisa nyingi kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mfumo hauna hofu: soko lilipoporomoka mwaka 2020, ni binadamu walioingiwa na hofu na kuuza, wakati algoriti iliendelea kusawazisha. Kwa umri wako, asilimia 90 ya hisa ni ushauri sahihi kabisa. Fuata mfumo na usiuingilie.

Mama_Zawadi_MSA

Mimi niko Mombasa na ninakubaliana na wasioiamini mifumo hii. Nilikuwa nakopa kwenye programu ya simu na kulipa kwa wakati, kisha siku moja kikomo changu kikashushwa hadi karibu na sifuri bila maelezo yoyote. Nilipopiga simu, mhudumu alinijibu kwamba ni mfumo ndio ulioamua, na yeye mwenyewe hawezi kuona sababu. Muuza duka wa mtaani kwangu anajua mwezi wa Ramadhani mauzo yangu ya mchana hulala na kuamka usiku. Programu iliona tu kwamba fedha hazikuingia saa zile zilizozoeleka.

Karani_wa_Kodi

Mama Zawadi, shikamoo. Hiyo uliyoieleza ni mifumo ya kupima ukopeshaji, ambayo humhukumu mkopaji, ilhali dada Neema anauliza kuhusu mfumo unaomshauri mtu juu ya fedha zake mwenyewe. Hata hivyo mfano wako una jambo moja linalogusa swali lake: mfumo ulifanya hesabu yake sawasawa juu ya ulichouonyesha, na kilichokuwa na maana kilikuwa nje ya hapo.

Dada Neema, ninaandaa ritani za kodi hapa Marekani, na wateja wangu wengi ni Waafrika Mashariki. Sitabishana na Baraka kuhusu ada, kwa sababu tarakimu zake ni sahihi. Ninachopinga ni ile kauli kwamba asilimia 90 ni sahihi kwa umri wako. Ni sahihi kwa mtu wa miaka 38 ambaye dola zake 48,000 hazitaguswa kwa zaidi ya miaka 25. Wewe umeeleza katika aya ya pili kwamba dola 22,000 zinatoka ndani ya mwaka mmoja na nusu. Tuongeze dola 6,000 za tahadhari kwa ajili ya mama, maana hospitali haitasubiri. Hiyo ni dola 28,000 ambazo si fedha za kustaafu, ingawa zimekaa ndani ya lengo lililoandikwa kustaafu. Jukwaa halikukosea hesabu; lilipewa tarehe ya 2050 na kitu, likahesabu kuelekea tarehe hiyo.

Tuchukue mporomoko uliotokea kweli. Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, faharasa ya S&P 500 ilishuka kwa takriban asilimia 34. Katika mpango wako wa sasa, hisa ni dola 43,200. Zikishuka kwa kiwango hicho unapoteza dola 14,688, na hata tukichukulia kwamba hatifungani hazikutikisika unabakiwa na dola 33,312. Fundi na hospitali wakihitaji dola zao 28,000 katika kipindi hicho, unabaki na dola 5,312 za uzeeni.

Sasa tugawanye mapema. Dola 28,000 ziwe katika akaunti ya akiba yenye riba au dhamana za serikali za muda mfupi, na dola 20,000 zibaki katika mpango ule ule wa asilimia 90. Mporomoko huo huo unakuondolea dola 6,120. Ukishalipa fundi na hospitali, unabaki na dola 13,880, na hizo zipo sokoni kusubiri soko lirudi, kama lilivyorudi mwaka ule ambapo kufikia Agosti faharasa ilikuwa imevuka kilele chake cha Februari. Zile ulizolazimika kuziuza Machi hazipo tena kusubiri chochote. Ni kweli pia kwamba soko likipanda, utakuwa umekosa faida juu ya dola 28,000 kwa mwaka mmoja na nusu, na hilo ni gharama halali ambayo lazima uikubali kwa macho makavu.

Baraka_Mtaji

Ndugu Karani, nashukuru kwa hesabu, lakini hapo unamlaumu mfumo kwa kosa lisilo lake. Majukwaa mengi yanaruhusu kufungua lengo la pili na la tatu, kila moja na tarehe yake. Dada angefungua lengo la nyumba, akaandika dola 22,000 na mwaka, na mfumo ungempangia hatifungani na fedha taslimu bila kumlipa mtu yeyote.

Karani_wa_Kodi

Hilo nakubali bila kinyongo. Kwa upande wa nyumba, lengo la pili linatosha, na ningemshauri alifungue leo. Ninachotaka wasomaji wakitazame kwa karibu ni sehemu ambayo hakuna kisanduku chake cha kujaza.

Angalieni lile swali la wategemezi. Watu wengi hapa hujaza idadi ile ile waliyoizoea kwenye ritani ya kodi, na kwa sheria ya kodi ya Marekani mama anayeishi Moshi, ambaye si raia wala mkaazi wa Marekani, hahesabiwi kuwa mtegemezi hata kama anaishi kwa fedha zako senti kwa senti. Kwa wasio raia, wanaoweza kuhesabiwa wakiwa nje kwa kawaida ni wakaazi wa Kanada na Meksiko tu. Kwa hiyo muuguzi anayelisha nyumba mbili huonekana kwenye mfumo kama mtu mwenye kipato kizuri na mzigo mdogo, ambaye anaweza kubeba hatari kubwa.

Kisha kuna mdogo wake. Mwaka 2020, miezi ile ile soko la hisa la Marekani lilipoporomoka, watalii waliacha kuja Kilimanjaro, na waongozaji na wapagazi wakakaa nyumbani bila kipato. Nilikuwa na wateja waliouza hisa Machi na Aprili wakati ambapo mioyo yao ilikuwa imetulia kabisa. Waliuza kwa sababu simu zilipigwa kutoka Arusha, Moshi na Zanzibar. Lile swali la kama utauza soko likishuka linapima ujasiri wako wewe. Dada Neema alijibu kwa ukweli kwamba atasubiri, lakini uamuzi wa kuuza huenda usiwe wake. Hatari yake halisi ni kwamba mahitaji ya familia yanapanda wakati ule ule thamani ya hisa inaposhuka, na mume wake dereva wa lori naye hupungukiwa na mizigo uchumi unaposinyaa. Mambo matatu yanaegemea ukuta mmoja, na mfumo unaona moja tu.

Bwana_Dallas

Yote hayo ni kweli, ila nawasihi msimsukume dada kwa mshauri wa kibinadamu kana kwamba ni kimbilio salama. Mimi nilikuwa na mshauri. Ni mtu wetu, tunasali pamoja, alikuja nyumbani, akala chakula, akawauliza watoto majina yao na kumuulizia mama yangu aliyeko Tabora. Alijua kila kitu mnachosema algoriti haikijui. Kisha akaniuzia bima ya maisha yenye akiba ndani yake, ada kubwa kila mwezi, akisema ndiyo pensheni yangu. Nilipopungukiwa na kazi nikataka kutoa fedha, nikakuta makato ya kuvunja mkataba mapema yamekula karibu chote nilichoweka. Maelezo niliyompa kuhusu mama yangu aliyatumia kunishawishi nisaini.

Karani_wa_Kodi

Pole sana kaka, na kisa chako ni cha watu wengi katika jumuiya zetu, kuliko wanavyokubali kusema hadharani. Aliyekuja kwako alikuwa wakala wa bima anayelipwa kamisheni, na katika bima za aina hiyo kamisheni ya mwaka wa kwanza mara nyingi huzidi nusu ya ada yote unayolipa mwaka huo. Mshauri wa uwekezaji aliyesajiliwa hubanwa na sheria kuweka maslahi yako mbele ya yake. Wakala habanwi kwa kiwango hicho hicho, na kadi zao zote mbili zinaweza kuandikwa mshauri wa fedha.

Kuwatofautisha kunawezekana kabla ya kusaini. Ingiza jina lake katika adviserinfo.sec.gov, usome hati yake inayoitwa Form ADV, hasa sehemu inayoeleza anavyolipwa na kama amewahi kuadhibiwa. Kisha muulize uso kwa uso: ni nani mwingine anakulipa nikikubali ushauri wako? Anayetoza kwa saa na hauzi chochote atajibu kwa neno moja.

Bwana_Dallas

Nashukuru kwa maelekezo. Bado nasema kwamba mtu aliyefika Marekani juzi hajui kwamba kuna usajili wa namna mbili, na anayemwita ndugu hamkagui kwenye tovuti ya serikali. Mfumo angalau haukuja kula nyumbani kwangu.

Shangazi_Kinondoni

Neema mwanangu, mbona unajisumbua na hayo yote? Kama sehemu ya fedha ni ya kujenga Kibaha, zilete kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ununue vipande vya Mfuko wa Ukwasi, zipate faida kwa shilingi, na fundi atalipwa kutoka huku huku. Mimi ndivyo nilivyojenga, na pale ofisini kuna mtu wa kukuelekeza.

Karani_wa_Kodi

Shikamoo shangazi. Kwa mtu anayeishi Kinondoni, ushauri wako ni mzuri, na una jambo ambalo jukwaa la dada haliligusi kabisa: fundi analipwa kwa shilingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, na katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600, kisha ikarudi nyuma. Bajeti ya nyumba inayumba hata kama dola hazijayumba, na ndiyo sababu baadhi ya wateja wangu hununua bati na nondo mapema badala ya kukisia bei ya fedha.

Kwa Neema, hata hivyo, kuna kikwazo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anahesabiwa na Marekani kuwa mlipakodi wake kwa kipato cha dunia nzima, na mfuko wa pamoja ulioanzishwa nje ya Marekani huangukia katika kundi linaloitwa PFIC, ambalo hutozwa kodi kwa utaratibu mkali na huweza kuhitaji Fomu 8621 kila mwaka. Kuna nafuu kwa kiasi kidogo, ila inategemea thamani na kama umepokea gawio au kuuza. Pia akaunti zake zote za nje zikifikisha jumla inayozidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, lazima azitaje katika ripoti ya FinCEN, Fomu 114. Mshauri wa UTT Dar es Salaam hana sababu ya kuyajua hayo, na jukwaa la Neema halijui kwamba shangazi amempa ushauri. Asinunue vipande kabla ya kuzungumza na mtu anayezijua kodi za pande zote mbili.

Neema_Columbus

Shangazi, shikamoo na asante. Ndugu Karani, umenifungua macho kuhusu mdogo wangu, kwa sababu mwaka 2020 nilimtumia fedha kila mwezi na sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa linahusiana na uwekezaji.

Nina swali jingine. Jukwaa langu limewasha huduma ya kuuza kwa hasara ili nipunguze kodi. Nimeona limeuza mfuko wa VWO na kununua IEMG siku hiyo hiyo, yote miwili ikiwa ya hisa za nchi zinazoinukia. Mume wangu katika IRA yake ananunua VWO kiotomatiki kila anapolipwa mshahara. Je, kuna tatizo?

Baraka_Mtaji

Tatizo lipo, na hapa nakiri mfumo haukuona. Mke na mume wakiuza na kununua kitu kile kile ndani ya siku 30, hasara yote inafutwa kwenye hesabu ya kodi. Zima huduma hiyo mara moja.

Karani_wa_Kodi

Baraka amegusa kanuni yenyewe, lakini haifuti hasara yote. Kanuni inaangalia siku 30 kabla na siku 30 baada ya kuuza, na inahesabu manunuzi ya mwenza wako pia, ila inafanya kazi kipande kwa kipande. Tuseme jukwaa liliuza vipande 100 vya VWO, kila kimoja kwa hasara ya dola 6, hasara ikawa dola 600. Mume katika dirisha hilo akanunua vipande 15. Hasara isiyokubalika ni ya vipande 15 tu, yaani dola 90, na dola 510 zinabaki halali. Kwa mtu anayekatwa asilimia 22, hizo dola 90 zina thamani ya takriban dola 20 za kodi.

Kinachouma ni kwamba manunuzi yakiwa katika akaunti ya kawaida, hasara iliyokataliwa huongezwa kwenye bei ya ununuzi wa vile vipande vipya, na utaipata siku ukiviuza. Yakiwa ndani ya IRA, hasara hiyo imepotea moja kwa moja. Tena taarifa ya kodi itakayotumwa na jukwaa haitaionyesha, kwa sababu kampuni huripoti inachokiona katika akaunti yake yenyewe. Kuitafuta ni wajibu wenu ninyi mnaosaini ritani.

Hata ndani ya jukwaa lenyewe usidhani kila kitu kinafuatiliwa. Desemba 2018 tume ya dhamana ya Marekani, SEC, iliitoza Wealthfront faini ya dola 250,000, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba iliwaambia wateja inafuatilia miamala ya namna hii ilhali haikuwa ikifanya hivyo, na miamala hiyo ilitokea katika angalau asilimia 31 ya akaunti zilizojiunga na huduma hiyo.

Huna haja ya kuzima huduma. Mume abadilishe ununuzi wake wa IRA uwe wa mfuko usiofanana na wowote kati ya ile miwili ambayo jukwaa lako linapokezana, na asisahau gawio linalonunua vipande lenyewe, kwa sababu nalo linahesabiwa kuwa ununuzi.

Baraka_Mtaji

Nimekuelewa kuhusu vipande. Je, kama angekuwa na akaunti ya kustaafu ya kazini, yaani 401(k), badala ya IRA?

Karani_wa_Kodi

Uamuzi wa mamlaka ya kodi wa mwaka 2008 ulitaja IRA. Kuhusu 401(k) wataalamu wengi huchukulia kwamba mantiki ni ile ile, na mimi huwashauri wateja wangu hivyo, lakini nimeona wenzangu makini wanaoshikilia vingine.

Neema_Columbus

Nimefungua lengo la pili leo na kulipangia dola 22,000 za nyumba. Zile 6,000 za mama nitaziweka benki, kwa sababu kwenye jukwaa kutoa fedha huchukua siku kadhaa na Moshi hawangoji. Mume wangu hajakubali: anasema nyumba inaweza kusubiri, kwamba tuziache hisa zikue kwanza kisha tupaue, na kwamba mdogo wangu ni mtu mzima. Hilo tunaendelea kulizungumza.

Ndugu Karani, mshauri wa kulipwa kwa saa, kikao kimoja, nitegemee gharama gani, na niende na nini?

Karani_wa_Kodi

Wengi hutoza kati ya dola 200 na 400 kwa saa, na kwa hali yenu tarajia saa mbili au tatu, kwa hiyo inaweza kufika ada ya jukwaa ya miaka kadhaa. Ndiyo maana uende umejiandaa. Beba ritani zenu mbili za mwisho, taarifa za akaunti zote mbili, orodha ya fedha mlizotuma nyumbani mwezi kwa mwezi katika mwaka uliopita pamoja na ule wa 2020 kama bado mna kumbukumbu za kutuma, na makadirio ya fundi yaliyoandikwa kwa shilingi. Usimpe jumla ya mwaka pekee, kwa sababu jumla huficha miezi ile mitatu au minne iliyokuwa mizito, na hiyo ndiyo atakayoihitaji.

Na nendeni wote wawili. Swali la kama nyumba isubiri, hata yeye hatawaamulia. Atakachoweza ni kuwawekea mbele gharama ya kila upande.

Bwana_Dallas

Dada, na ukishapata jina lake, liingize kwanza kwenye ile tovuti kabla ya kumpa karatasi hata moja.